Pochi ya mtandaoni imefungwa na kuna makato usiyoyajua: uanzie wapi, upinge lipi

Simu ya mdogo wangu ilinikuta Darajani saa tatu asubuhi, mkono mmoja umeshika mfuko wa mboga. "Kaka, ile pochi imefungwa. Na kuna pesa zimekatwa, sizijui ni za nini." Ana nyumba ya wageni Jambiani, vyumba vinne, na pochi hiyo ndiyo anayolipia tovuti, matangazo na vikorokoro vyote vya nje. Imeunganishwa na kadi yake ya benki. Kabla sijapanda daladala nilimwambia mambo mawili tu: usibonyeze chochote kilichokuja kwa barua pepe, na usiifute kadi kwenye pochi. La kwanza kila mtu analijua. La pili nitalieleza huko mbele, maana ndilo linalowatia watu hasara wakidhani wanajiokoa.

Kazi hii ya kuwafungulia watu pochi nimeshaifanya mara nyingi, na kosa ninalolikuta ni lile lile. Mtu akifadhaika hupinga kila muamala anaouona, wote kwa sababu moja, kwenye pochi na benki siku hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye anakataliwa kote. Kufungwa kwa pochi si tatizo kubwa, mara nyingi mfumo umemkamata mwizi mlangoni. Kazi yenyewe iko kwenye kutenganisha makato: lipi ni la wizi, lipi ni lako umelisahau, lipi bado halijatoka.

Dalili: umepata ujumbe kwamba akaunti imezuiwa

Usiufuate ujumbe. Fungua programu ya pochi kwenye simu yako, au andika anwani ya tovuti kwa mkono wako mwenyewe. Ukiingia ukakuta kila kitu kiko kama kawaida, hakuna tangazo ndani wala ombi la vielelezo, basi ule ujumbe ulikuwa ndoana. Kama ulikuwa umeshaubonyeza na ukaandika neno la siri, hesabu kwamba wameshaingia, uendelee na hatua za hapa chini hata kama hakuna senti iliyokatwa.

Pochi ikiwa imefungwa kweli, tangazo linakuwa ndani. Kwa wanaotumia PayPal, liko kwenye `Resolution Center`, pamoja na orodha ya wanachokitaka kwako. Na kufungwa kwenyewe kuna namna mbili. Namna moja huingii kabisa. Namna nyingine unaingia, unaona miamala yako, ila huwezi kulipa wala kutoa. Hii ya pili inawatisha watu, lakini ndiyo nafuu: mwizi amezuiwa kama wewe, na wewe bado unaona ushahidi wote.

Dalili: imefungwa, lakini hakuna muamala wa ajabu hata mmoja

Hapa kwetu sababu ya kwanza ninayoiuliza ni: nani mwingine anaitumia? Wengi tuna ndugu Maskati. Unakuta kaka yuko huko, dada yuko Unguja, akaunti moja, neno la siri moja, wote wanaingia. Mfumo unaona mtu aliyekuwa Zanzibar saa mbili na nusu, na saa tatu yuko Oman. Hauna habari ya udugu, unajua tu kwamba hakuna ndege ya nusu saa. Unafunga. Vivyo hivyo kwa anayewasha VPN, simu ikaonekana iko Uholanzi.

Hapo hakuna cha kupinga. Unathibitisha kwamba ni wewe, unabadilisha neno la siri, na ndugu wa Maskati anafungua akaunti yake. Usije ukabonyeza kitufe cha kuripoti wizi kwa muamala alioufanya ndugu yako kwa neno la siri ulilompa wewe. Kifaa chake kina historia ndefu kwenye akaunti yako, pochi inaiona, na madai yanayofuata yatatazamwa kwa jicho la pembeni.

Dalili: imefungwa na kuna makato usiyoyatambua

Hii ndiyo ya mdogo wangu. Nilipofika Jambiani alikuwa amekaa barazani, kompyuta mapajani, anataka tuanze na pochi. Nikamwambia tuanze na barua pepe. Alikunja uso, lakini sababu ni hii: pochi yote inaning'inia kwenye barua pepe. Ukibadilisha neno la siri la pochi wakati mwizi yumo ndani ya barua pepe, atabonyeza "nimesahau neno la siri", kiungo kitamfikia yeye, na utakuwa umefanya kazi ya bure.

Tukafungua Gmail kwenye kompyuta, maana kwenye simu sehemu hii haionekani yote. Mipangilio, kisha `Filters and Blocked Addresses`. Tukakuta kichujio ambacho hakukiweka yeye: barua yoyote yenye jina la pochi, ifutwe moja kwa moja. Ndiyo maana risiti hakuziona. Zilikuwa zinaingia na kutupwa kabla jicho halijazifikia, na kwenye kapu la taka tulizikuta zote. Tukafuta kichujio, tukatazama `Forwarding and POP/IMAP` kuona kama kuna anwani ya kigeni inayopelekewa nakala, hapakuwa na kitu. Kisha kwenye usalama wa akaunti ya Google, `Your devices`, kulikuwa na kompyuta ya Windows ambayo hapo nyumbani haipo. Tukaitoa. Neno la siri jipya, uthibitisho wa hatua mbili, ndipo tukaigusa pochi.

Aliingiwaje? Alikumbuka mwenyewe baada ya kikombe cha chai. Siku chache nyuma "mgeni" alimtumia kiungo cha kuthibitisha nafasi ya chumba, ukurasa ukamtaka aingie kwa barua pepe yake. Aliingia. Chumba hakikuonekana, akaona labda mtandao mbovu. Na neno la siri la barua pepe lilikuwa hilo hilo la pochi.

Ndani ya pochi tulikuta mistari minne:

```
Mar 4  04:05 PST  12.99 USD  Completed
Mar 4  16:20 PST   1.00 USD  Completed
Mar 4  16:24 PST  74.50 USD  Completed
Mar 4  16:31 PST  74.50 USD  Pending
```

Saa hizo ni za Marekani ya magharibi. Mwanzoni mwa Machi wako nyuma yetu saa 11, wakishasogeza saa zao mbele, Jumapili ya pili ya mwezi huo, tofauti inakuwa saa 10. Kwa hiyo mstari wa pili, 16:20 ya tarehe 4, kwetu ni saa tisa na dakika ishirini usiku wa kuamkia tarehe 5. Mdogo wangu alikuwa amelala. Hesabu hii si ya kujifurahisha. Taarifa ya benki itaandika tarehe 5, pengine hata 6 kwa sababu benki huandika siku muamala ulipotua, na ukijaza tarehe za pochi kwenye fomu ya benki bila kueleza, karani atakwambia muamala huo haupo. Andika zote mbili.

Sasa kutenganisha. Dola moja, dakika nne baadaye 74.50, dakika saba baadaye 74.50 tena, zote kwa duka moja la kuuza salio la michezo ya kompyuta. Huo ndio mwendo wa mwizi: anaonja kwa pesa ndogo aone kama kadi iko hai, kisha anapakua kitu kinachogeuka pesa haraka na kisicho na mzigo wa kusafirishwa. Mfumo ulishituka kwenye ule wa mwisho na kufunga.

Lakini 12.99 ya saa tisa alasiri haikufanana na hizo. Duka tofauti, saa tofauti, na kabla ya mwizi kuonja. Nikamwambia arudi nyuma kwenye miamala ya Februari. Tarehe 4, ipo 12.99. Mwezi wa Januari haipo, ila mwishoni mwake kuna barua pepe ya kumkaribisha kwenye programu ya kurembesha picha, majaribio ya bure siku saba. "Hiyo ni ya picha za vyumba," akasema, kwa sauti ya chini kidogo. Alijaribu, akaisahau, ikaanza kukata.

Hapo ndipo kesi nyingi zinapoharibika. Angeiweka 12.99 kwenye kapu la wizi, pochi ingekuta kwamba malipo hayo ya kila mwezi aliyaidhinisha mwenyewe, kutoka simu yake mwenyewe. Madai hayo yangeanguka, na mchunguzi angeanza kujiuliza kuhusu zile nyingine tatu.

Kupinga: mlango upi, kwa maneno yapi

Miamala mitatu ya duka la michezo tuliiripoti kwa pochi, kila mmoja tukiuwekea alama peke yake, kwa sababu ya "sikuidhinisha". Hata ile dola moja tuliijumuisha. Si kwa thamani yake, bali kwa sababu inaonesha mfululizo, na mfululizo ndio unaomshawishi anayesoma.

Mtu huulizwa achague sababu, na sababu ni mbili kubwa ambazo watu huzichanganya. "Sikuidhinisha" maana yake si mimi niliyelipa. "Sikupata nilichonunua" maana yake nililipa mimi, lakini bidhaa haikuja au ilikuja nyingine. Ukichagua ya pili kwa muamala wa wizi, umekiri kwamba ulinunua. Duka litaleta ushahidi kwamba salio la mchezo lilipakuliwa, na ni kweli lilipakuliwa, na umeshindwa kwa mdomo wako.

Maelezo tuliyaandika kwa Kiingereza chepesi, sentensi sita, na yalikuwa na haya tu: miamala mitatu kwa tarehe, saa na kiasi, kwamba saa hizo Zanzibar ilikuwa usiku wa manane, kwamba hana akaunti kwenye duka hilo, kwamba barua pepe yake iliingiliwa na kuwekewa kichujio, kwamba neno la siri limeshabadilishwa na kifaa kigeni kimetolewa, kwamba muamala wa 12.99 ni wake na haupingi. Sentensi ya mwisho hakuielewa. "Kwa nini niwaambie ambacho hawajauliza?" Kwa sababu msomaji ataona makato manne ya siku moja, na ukimtajia lililo lako, hayo mengine matatu yanapata uzito. Tukaambatisha skrinishoti ya kichujio na ya kifaa, zilizopigwa kabla hatujavifuta. Ukishafuta umepoteza ushahidi, kwa hiyo piga picha kwanza.

Ule muamala ulioandikwa `Pending` una hali yake. Pesa haijaenda kwa duka, imeshikwa tu. Benki nyingi hazipokei pingamizi la muamala uliosubiri, zitakwambia urudi ukishatua. Pochi ndiyo yenye uwezo wa kuukatisha njiani, ndiyo maana kuwahi kwa pochi kuna faida. Ukikatishwa, zile pesa zilizoshikwa huachiwa na benki baada ya siku kadhaa, na hutaona mstari wa kurudishiwa, maana hazikuwa zimekatwa.

Na benki je? Kwenye taarifa ya benki muamala kama huu huonekana hivi:

```
05 MAR   JINALAPOCHI *DUKAGEMU   74.50 USD
```

Jina linalotangulia ni la pochi. Machoni mwa benki muuzaji ni pochi. Ukienda benki kufungua chajibeki, yaani kudai benki iivute pesa kupitia mtandao wa kadi, unaidai pochi yenyewe. Kwa PayPal, ukifungua chajibeki, kesi uliyofungua kwao kwa muamala huo hufungwa, mambo yanahamia benki. Ndiyo maana nasema mlango mmoja kwanza. Anza na pochi, maana ndiyo inayoona ni kifaa gani kililipa na kutoka nchi gani. Benki haioni hayo. Benki unaiacha iwe akiba.

Akiba hiyo ina mwisho. Kwa muamala wa ulaghai, Visa na Mastercard zote huipa benki siku 120. Ukihesabu kutoka tarehe 5 Machi unafika tarehe 3 Julai. Lakini hizo ni siku za benki kuwasilisha, si zako kutembea, na karani anahitaji muda wa kujaza, kutuma makao makuu na kurudishiwa fomu kwa sababu ya sahihi isiyofanana. Mimi humwekea mtu mwezi mmoja: kama pochi haijatoa jibu siku ya 30, nenda tawini na karatasi zako. Siku ile ile ya wizi, lakini, piga benki kuwaarifu tu na kuwaomba waizuie kadi kwa muda kwa malipo ya mtandaoni. Kuarifu si kufungua chajibeki, mwambie karani hivyo waziwazi, maana wengine huanza kujaza fomu ungali unazungumza.

Sasa lile la kutofuta kadi. Mwizi aliyeingia kwenye pochi huona tarakimu nne za mwisho za kadi, si namba nzima. Hana kadi yako, ana pochi yako, na pochi imeshafungwa. Kadi ukiizuia kwa muda inatosha. Ukiifuta kwenye pochi, au ukaifunga moja kwa moja benki, pesa inayorudishwa itatafuta njia ile ile iliyotokea na kuikuta imezibwa. Mara nyingi hufika hatimaye, lakini kwa kuandikiana barua. Wenye kadi za mtandaoni za kwenye pesa za simu, zile unazozitengeneza na kuzifuta kwa kubonyeza mara mbili, ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu mazoea yao ni kufuta kadi kila wakitishika.

Ile 12.99 tuliishughulikia kivyake. Kwenye PayPal sehemu yake inaitwa `Automatic payments`, pochi nyingine nazo zina orodha kama hiyo. Ukikatisha hapo, umefunga bomba. Kubadilisha kadi peke yake hakutoshi, kwani kuna huduma za mitandao ya kadi zinazompelekea muuzaji namba mpya ya kadi kimyakimya, na makato yakaendelea kana kwamba hujafanya kitu. Hifadhi barua ya kuthibitisha kwamba umekatisha. Wakikata tena baada ya tarehe hiyo, hapo una haki ya kupinga, na sababu yake ni "nilikatisha wakaendelea kukata", si wizi.

Dalili: namba sita za uthibitisho haziji

Tazama simu kwanza ina mtandao. Kama laini imekufa ghafla, haina hata alama moja na wenzako wa kampuni hiyo hiyo wako hewani, huenda mtu amesajili upya namba yako kwenye laini nyingine. Hilo ni la haraka kuliko pochi: nenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho chako, irudishe namba, maana namba hiyo inabeba na pesa za simu na benki. Kisha piga `*106#` uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, ikataliwe hapo hapo dukani.

Kama laini iko hai, sababu kwa kawaida ni ndogo: pochi ina namba yako ya zamani, au uliiandika na sifuri baada ya 255. Iwe `+255` kisha tarakimu tisa. Na ukishaomba namba mara nne tano mfululizo, mifumo mingi hukunyamazia kwa saa kadhaa. Acha, urudi kesho.

Ukitumiwa ujumbe na mtu wa kukudai fidia au "kodi ya ulinzi", au akajitia mhudumu wa pochi, ipeleke namba yake kwenye 15040 ya TCRA. Hao huja khasa wakati huu, kwa sababu watu waliofungiwa huandika shida zao hadharani wakitafuta msaada. Hakuna mhudumu anayeomba zile namba sita.

Dalili: umetuma vielelezo, vimekataliwa

Hapa Wazanzibari tuna mtihani wetu. Majina kwanza. Kitambulisho kina majina matatu, lako, la baba na la babu. Pochi uliifungua kwa mawili, tena moja ni la utani. Mashine inayolinganisha haimjui babu yako. Kabla hujatuma kitu, tazama jina lililoko kwenye pochi na utume kitambulisho kinachokaribiana nalo. Pasipoti hupita kwa urahisi kuliko kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kwa sababu mifumo ya nje imeizoea. Kama huna, omba kurekebisha jina kwanza, vielelezo vifuate.

Halafu anwani. Wanataka bili ya umeme. Wengi wetu umeme tunanunua kwa Tukuza, unabonyeza namba kwenye mita, bili haipo. Barua ya sheha ni nzuri kwa polisi na kwa benki ya hapa, kwa pochi ya nje usiitegemee, msomaji wao hajui sheha ni nani. Kinachokubalika ni taarifa ya akaunti ya benki, ya karibuni, yenye jina na anwani yako na nembo ya benki, iliyopigwa picha pembe zote nne zinaonekana. Mdogo wangu taarifa yake ilikuwa na sanduku la posta tu, ikarudi. Tukaenda tawini akaongeza "Jambiani, Kusini Unguja", wakamchapia upya, ikapita. Na kwenye pochi anwani iandikwe vile vile, herufi kwa herufi.

Dalili: pingamizi limekataliwa

Soma sababu, usikimbilie kufungua jingine. Wakisema muamala umetoka kwenye kifaa unachokitumia kawaida, waulize watoto wa nyumbani kabla hujawauliza wao. Sijui simu ngapi nimekuta mtoto ndiye aliyenunua almasi za mchezo. Wakisema malipo yalithibitishwa kwa namba sita zilizotumwa kwenye simu yako, kesi imekuwa nzito, na benki nayo itasema hivyo hivyo, kwa sababu malipo yakithibitishwa hivyo mzigo wa hasara kwa kawaida humtoka muuzaji na kuhamia benki iliyotoa kadi, nayo itasema aliyethibitisha ni wewe. Hapo kinachoweza kukusaidia ni ushahidi kwamba simu haikuwa mikononi mwako wakati ule: barua ya kampuni ya simu kuhusu laini iliyosajiliwa upya, au ripoti ya polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu na Zanzibar, kwa hiyo askari akikwambia hilo ni la bara, mwombe kwa upole aiangalie.

Kama hukuwahi kuthibitisha chochote na pochi imekukatalia tu, sasa ndiyo zamu ya benki. Nenda na karatasi ya pochi iliyokataa, usiifiche. Benki ikikuzungusha, peleka lalamiko kwa maandishi, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha ndipo Benki Kuu, ambayo hupokea malalamiko ya wateja wa benki na ina tawi hapa Zanzibar. Bila nakala yenye muhuri watakurudisha ulikotoka.

Kwetu haikufika huko. Muamala uliosubiri ulikatishwa siku ya pili. Dola moja na ile 74.50 ya kwanza zilikubaliwa siku ya tisa, pochi ikafunguliwa siku hiyo hiyo baada ya taarifa ya benki yenye Jambiani kupita. Kwenye akaunti pesa zilionekana siku nne baadaye, na zilikuwa pungufu, kwa sababu dola zilirudishwa kwa bei ya siku hiyo, si ya siku zilipokatwa. Benki ilikuwa pia imemkata ada ya malipo ya nje. Ada aliandika barua akarudishiwa. Ile tofauti ya bei ya dola, elfu mbili na kitu, tuliiacha. Ya picha za vyumba hakurudishiwa chochote, nao walikuwa na haki yao.